Kwani kusema kuna kosa gani, mwalimu?

Wanangu wa mwaka wa kwanza,

Mwenzenu mmoja alinisubiri gatini hapa Lamu, siku niliyoshuka kutoka Mokowe kwa mapumziko mafupi. Boti ilikuwa bado haijafungwa sawasawa, abiria wanapokezana mizigo, nami nimeshika mkoba kwa mkono mmoja na mkono wa mama mmoja mzee kwa mwingine. Aliponiona alinipokea mkoba, akanisalimu kwa heshima zote, akaniuliza habari za safari. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni mwa shati.

Ilikuwa insha yake. Nilikuwa nimempa 9 kati ya 20.

Pambizoni, kwa kalamu nyekundu, nilikuwa nimeandika maneno yale yale mara tatu: *lugha ya mazungumzo*. Sikuwa nimeandika kitu kingine. Akaniwekea kidole juu ya lile la pili, akasema kwa upole, bila ya kunivunjia adabu:

"Mwalimu, kwani kusema kuna kosa gani?"

Nilimjibu jambo. Nilimwambia kwamba chuoni tunaandika kwa lugha rasmi, na kwamba atazoea. Akaitikia, "Sawa, mwalimu," akanibebea mkoba hadi mlangoni kwetu, akaenda zake.

Wiki sita zimepita na lile jibu langu halijanitoka kooni. Halikuwa jibu. Nilimwambia kwamba afanye, sikumwambia kwa nini. Barua hii ni ya kumjibu yeye, nanyi nyote mlio darasani pamoja naye.

## Aya yenyewe

Insha ilihusu msimu wa kusi na maisha ya wavuvi. Kijana amezaliwa kwenye visiwa hivi, na jambo analijua kwa macho na kwa njaa. Hii ndiyo aya niliyoipigia mistari. Ameniruhusu niitumie:

> Kusi ikiingia hawa watu wa madau hawapiti pale mlangoni. Bahari ikichafuka bei ya samaki inapanda kwa sababu inakuwa ngumu. Hii inaonyesha kusi inaathiri watu sana.

Isomeni kwa sauti, kama mtu anayezungumza barazani. Haina tatizo. Ukiwa umeketi pale Mkunguni, yeye akanyoosha mkono kuelekea Shela aliposema "pale", ukamwona uso wake aliposema "inakuwa ngumu", ungemwelewa vizuri kabisa.

Isomeni tena kama mtu aliyeketi Kakamega na hajapata kuiona bahari. Pale ni wapi? Nini kinakuwa kigumu: bahari au bei? "Hii" ni nini?

Tangu siku zangu za uanafunzi nilifundishwa kwamba tofauti ya aina hii ni tofauti ya uzembe na umakini. Anayesema hana muda wa kupanga. Anayeandika anao, basi apange. Nami nimewafundisha wengine hivyo hivyo kwa miaka. Lililonifanya nianze kutilia shaka ni kazi ndogo niliyoifanya kwa sababu ya yule kijana.

## Ami kwenye kinasa sauti

Jioni ya siku ya tatu nilimwomba ami yangu ruhusa ya kumrekodi. Amevua tangu utotoni na sasa amestaafu bahari. Nilimwuliza swali lile lile la insha: kusi ikiingia, huwa vipi? Akanieleza. Usiku ule nikakaa na simu na daftari, nikanukuu neno kwa neno, na pale aliponyamaza nikatia mkato.

> Sasa hii kusi, ikishaingia, hawa wenye madau madogo, hawa hawapiti mlangoni. Kutoka watatoka, lakini mlangoni hawapiti. Kwa nini? Maji yanatoka, upepo unaingia, pale pale vinakutana. Linainuka wimbi, fupi, limesimama hivi. Dau dogo halina pumzi ya kulipanda. Basi wanabaki huku ndani, wanavua kidogo kidogo. Na samaki, bei yake inapanda, unaona.

Kabla hatujaendelea, nitoe jambo moja njiani. Ami ni Mwamu na husema Kiamu: *mai*, si maji, *ndia*, si njia. Nimezigeuza sauti hizo makusudi, ili msidhani kwamba tunachokizungumza hapa ni lahaja. Sicho. Ungemrekodi mvuvi wa Unguja au dereva wa Nakuru ungekuta mambo haya haya ninayotaka kuwaonyesha.

Nilinukuu nikitarajia kuona vipande vilivyovunjika. Nilichokiona ni sarufi.

Tazameni sentensi ya kwanza. Ami ameweka mambo mawili mbele kabla ya kusema lolote juu yake: *hii kusi*, kisha *hawa wenye madau madogo*. Ni kama mwenye duka anayeweka mizani mezani kwanza, kisha ndipo anapima. Wanaisimu huyaita mambo hayo mada. Halafu akarudia *hawa*, kwa sababu kati ya mada na kitenzi alivuta pumzi, na msikilizaji angeweza kupoteza uzi. Marudio yale yana kazi.

Tazameni *kutoka watatoka, lakini mlangoni hawapiti*. Kitenzi kimetajwa mara mbili, kwanza katika umbo la ku-, kisha kikiwa na nafsi na wakati. Nyote mnausema muundo huu kila siku: *kusoma nimesoma, lakini sikuelewa*, *kula tumekula, ila hatukushiba*. Maana yake ni mahususi: nakubali sehemu hii ya jambo, ili nikatae ile inayofuata. Mgeni anayejifunza Kiswahili huchukua miaka kuupata. Ami aliupata akiwa mtoto anayecheza mchangani.

Tazameni *Kwa nini?* Hakuna aliyemwuliza. Amejiuliza mwenyewe ili nijue kwamba kinachofuata ni sababu. Na *samaki, bei yake inapanda*: mwenye bei ametangulia, bei ikafuata ikiwa na *yake* ya kuirudisha kwake.

Hapo nikaiweka kalamu chini. Haya yote nilikuwa nimeyapigia mistari myekundu kwenye insha za watu.

## Nani anafanya kazi hiyo

Swali likageuka. Kama kusema kuna sarufi yake iliyokamilika, kwa nini basi tusiandike hivyo hivyo?

Nilirudi kwenye rekodi, na safari hii sikumsikiliza ami. Nilijisikiliza mimi. Nilikuwa nimejisahau kabisa katika unukuzi. Ami aliposema *limesimama hivi*, mkono wake ulikuwa wima mbele ya uso wangu, nami nikasema "ehee". Aliposema *pale pale* alikuwa anaangalia upande wa bahari, nami nikageuza kichwa. Aliposema *unaona* alinyamaza, akasubiri. Nikasema "naam." Ndipo akaendelea.

Nusu ya sarufi ya ami nilikuwa nikiibeba mimi.

Msikilizaji hufanya kazi nyingi kuliko tunavyodhani. Huangalia mkono na kujua pale ni wapi. Husikia kiimbo kikipanda na kujua mada bado haijafungwa. Asipoelewa hukunja uso, na msemaji hurudia kwa namna nyingine hata kabla hajaulizwa. Na akiambiwa *unaona* huitikia, na kwa kuitikia kwake jambo linakuwa limekubaliwa na wawili.

Unapoandika, mtu huyo hayupo. Kazi zake hazikuondoka naye. Zimebaki mezani, na sharti maneno yazifanye.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa la kalamu yangu. "Lugha ya mazungumzo" humwambia mwanafunzi aondoe. Akiondoa *pale* bila ya kuweka jina la mahali, amepoteza mahali. Akiondoa *Kwa nini?* bila ya kuweka *kwa sababu*, amepoteza sababu. Nilipaswa kumwuliza: neno hili lilikuwa linafanya kazi gani, na sasa nani ataifanya?

## Rasimu ya pili, iliyoniumiza zaidi

Yule kijana hakukaa bure. Alizichukua zile alama nyekundu kwa uzito, akaandika upya, akanitumia. Aya ile ile ikawa hivi:

> Imebainika kwamba kuwepo kwa upepo wa kusi kunasababisha kutokuwepo kwa upitaji wa madau katika mlango wa bahari, jambo ambalo linapelekea kuongezeka kwa kupanda kwa bei ya upatikanaji wa samaki.

Najua wengi wenu mtaiona hii kuwa ndiyo ya chuo kikuu. Ina sauti ya ofisi. Nami nakiri kwa masikitiko kwamba wapo wahadhiri ambao wangempa 13, na mwaka jana huenda ningekuwa mmoja wao.

Lakini hebu tuitafute maana. *Imebainika*: imembainikia nani? Hakuna utafiti uliotajwa, hakuna mtu. *Kuwepo kwa upepo kunasababisha kutokuwepo kwa upitaji*: upepo unawazuia watu kupita, kwisha. *Kuongezeka kwa kupanda kwa bei*: sasa bei haipandi tena, kupanda kwenyewe ndiko kunakoongezeka, jambo ambalo hakulikusudia. *Bei ya upatikanaji wa samaki*: sokoni samaki ndiye anayeuzwa, upatikanaji wake hauna bei. Na wavuvi, wale watu wa madau ambao insha nzima ni yao, hawamo. Wala sababu yenyewe, yaani maji yanayogongana na upepo, haimo.

Aya ya kwanza ilimtegemea msikilizaji asiyekuwepo. Ya pili haimtegemei mtu yeyote, kwa sababu haisemi kitu.

Hili ndilo lililonikosesha usingizi, kwa maana mimi ndiye niliyemsukuma huko. Nilimwambia asiandike kama anavyosema, naye akaenda kutafuta sauti ambayo hakuna mtu duniani anayesema nayo.

Kuna dalili mnayoweza kuiona kwa macho bila hata ya kuelewa maana. Hesabuni *-a* unganifu zinazofuatana: *kuongezeka kwa kupanda kwa bei ya upatikanaji wa samaki*. Ni nne katika mnyororo mmoja. Zikifika tatu, chukueni kitenzijina kimojawapo mkirudishe kuwa kitenzi chenye mtendaji. Na *kuwepo kwa* jaribuni kuifuta tu, mwone kama kuna kilichopungua. Mara nyingi hakipungui.

## Kuifanya kazi upya

Nilikaa na maneno ya ami nikajaribu kuyapeleka kwenye karatasi, hatua moja baada ya nyingine, kila nilipoondoa kitu nikijiuliza kazi yake imekwenda kwa nani.

Nilianza na mada. *Hii kusi, ikishaingia* inaniambia wakati wa jambo. Katika maandishi kazi hiyo hufanywa na kielezi mwanzoni mwa sentensi: *Katika msimu wa kusi*. *Hawa wenye madau madogo, hawa* inataja wahusika na kuwashika. Kwenye karatasi msomaji anaweza kurudisha jicho nyuma, kwa hiyo lile *hawa* la pili si lazima. Mtajo mmoja unatosha: *madau madogo*.

Kisha nikafika kwenye *Kwa nini? Maji yanatoka, upepo unaingia, pale pale vinakutana*. Vishazi vitatu vimewekwa bega kwa bega, na aliyeviunganisha ni mimi msikilizaji. Nilivyopaswa kufanya ni kuonyesha kwa maneno kipi kinabeba kipi. Jambo kuu ni wimbi linaloinuka. Kukutana kwa maji na upepo ni sifa ya yale maji. Kiswahili kimetupa chombo cha kazi hiyo, nacho ni urejeshi: *maji ya kupwa yanayokutana na upepo huinua mawimbi*. Kilichokuwa kishazi kinachojitegemea kimekuwa maelezo ya nomino.

Halafu ikaja *inapanda*. Ami alisema *inapanda* na *wanabaki* kwa *-na-*, kwa sababu kusi ilikuwa nje inavuma wakati tunaongea. Mimi ninaandika jambo la kila mwaka, nikaona *hu-* inanifaa: *hupandisha, huvua*. Na hapa kuna jambo ambalo hamjaambiwa shuleni. Kitenzi cha *hu-* hakina kiambishi cha nafsi wala cha ngeli. *Inapanda* hukupa angalau *i-* ya kumtafutia mwenyewe, lakini *hupanda* hakikupi kitu. Ukitumia *hu-* ni lazima umtaje mtendaji kwa jina, jirani kabisa, la sivyo kitenzi kinabaki yatima. Hiyo ni sababu mojawapo ya maandishi ya kitaaluma kuwa na nomino nyingi. Hazikuwekwa kwa ajili ya fahari.

Hii ndiyo aya niliyoipata:

> Katika msimu wa kusi, madau madogo hayapiti mlango wa bahari kwa sababu maji ya kupwa yanayokutana na upepo huinua mawimbi mafupi na makali. Wavuvi wanaobaki ndani ya mkondo huvua kiasi kidogo, na upungufu huo hupandisha bei ya samaki.

Ihesabuni pamoja nami. Maneno ya ami ni 49, na ndani yake kuna vitenzi 14, ukiacha vile vya *ku-*. Aya hii ina maneno 38 na vitenzi sita, viwili kati yake vikiwa vya urejeshi. Mwanaisimu Michael Halliday, aliyefundisha Sidni, alieleza jambo hili kwa Kiingereza katika miaka ya 1980: usemi si rahisi kuliko maandishi, ila ugumu wake uko kwingine. Usemi huufuma ugumu kwa kuunganisha vishazi vingi. Maandishi huushindilia ndani ya nomino. Ami alinipa matukio 14 yanayofuatana kama mawimbi. Mimi nimeyafunga katika mafungu machache na kuyatia kamba.

Lakini msije mkachukua hesabu za Kiingereza za neno kwa neno mkazileta kwetu. *Yanayokutana* ni neno moja tu, na ndani yake kuna ngeli, wakati, urejeshi na tendo. Kwa Kiswahili hesabuni vitenzi, ndivyo vinavyowaambia ukweli.

## "Hii inaonyesha"

Nirudi kwenye neno moja, kwa sababu nimelikuta katika insha nyingi zenu kuliko kosa jingine lolote.

*Hii inaonyesha kwamba…*

Hii nini? Barazani *hii* husindikizwa na kidole. Kwenye karatasi kidole hakipo, na mbaya zaidi, *hii* peke yake huelekea kwenye ngeli ya *i-*, ambamo mna bahari, kusi, bei, hali, biashara, na nusu ya maneno ya insha yako. Katika aya ya kijana, *inakuwa ngumu* ilianguka kwenye shimo hilo hilo. Bahari na bei zote ni *i-*, na upatanisho ambao kwa kawaida ndio mwokozi wetu ukashindwa kuzitenganisha.

Nasema mwokozi kwa kumaanisha. Lugha nyingi hazina neema hii. Nikisema *hilo*, baada ya kutaja wimbi, bei na wavuvi, hakuna msomaji atakayedhani nazungumzia bei. Ngeli imenifungia kamba kati ya neno na neno. Hii *-o* ya *hilo, huo, hizo* hasa ndiyo kamba ya maandishi: humwambia msomaji kwamba kitu tayari kimetajwa, kitafute nyuma.

Kwa hiyo kamwe usiiache *hii* peke yake mwanzoni mwa sentensi. Ipe nomino inayobeba yote yaliyotangulia: *upungufu huo, mabadiliko hayo, kikwazo hicho*. Na kuichagua nomino hiyo ndiko kufikiri kwenyewe. Nilipoandika *upungufu huo*, nililazimika kuamua kwamba kinachopandisha bei ni uchache wa samaki, si hatari ya bahari wala gharama ya safari. Kijana alipoandika *hii*, hakuwa amelazimika kuamua.

## "Unaona"

Limebaki neno la mwisho la ami, nalo ndilo lililonichukua siku nyingi zaidi.

*Na samaki, bei yake inapanda, unaona.*

Nililifuta kwa wepesi kama vile huwa ninawafutia nyinyi. Neno la kujazia, nikasema. Kisha nikajiuliza lile swali langu mwenyewe: lilikuwa na kazi gani?

Lilikuwa linaomba ushahidi. Ami alikuwa ananiambia: wewe unanunua samaki hapa mjini, wewe mwenyewe unajua, nithibitishie. Nami nilisema naam. Dai lake likasimama kwa miguu miwili, wake na wangu.

Aya yangu iliyopangika vizuri inasema *hupandisha bei ya samaki* na inasimama kwa mguu mmoja. Nani kasema? Kwa kiasi gani? Samaki gani, changu au nguru? Msomaji wa Kakamega hanunui samaki hapa na hawezi kuitikia. Nikitaka aitikie, lazima nimpe cha kuitikia: bei nilizoziandika mwenyewe sokoni, siku kadhaa za kusi na siku kadhaa za kaskazi, samaki wa aina moja, uzito mmoja. Au nimtaje mvuvi niliyemhoji na siku niliyomhoji. Na kama sina hayo, basi sina haki ya *hupandisha*. Niseme *huenda hupandisha*, au *wavuvi niliowahoji wanasema*.

Rejeleo mnalolalamikia kila wiki, jina na mwaka ndani ya mabano, ndilo *unaona* la msomi. Ninatamani ningeliambiwa hivyo nilipokuwa na umri wenu.

## Hili si la kuletwa

Baadhi yenu mmeniambia kwamba lugha ya kitaaluma ni ya watu wa bara na vitabu, na kwamba sisi wa visiwani tuna mdomo tu. Hilo sitaliacha lipite.

Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya kukisanifisha ikaanza kazi mwaka 1930. Mwana Kupona alikuwa amekwisha kumwandikia binti yake utendi kwa Kiamu, kwa hati za Kiarabu, mwaka 1858. Alikuwa mgonjwa. Alimtungia mwanawe maneno ya kusomwa wakati yeye mwenyewe hatakuwapo kuulizwa, na hakuyatunga kama alivyokuwa akiongea naye jikoni. Mji huu umejua tofauti hii tangu zamani, na umeijua kwa lahaja yake.

Wala mpaka wenyewe si ukuta. Ujumbe mnaotumiana kwa simu umeandikwa na bado ni mazungumzo, kwa sababu mwenzio yuko upande wa pili, anaweza kukuuliza "wapi?" na ukamjibu papo hapo. Hotuba ya Ijumaa inatamkwa, na mara nyingi imeshonwa kama maandishi. Kinachoamua ni kama anayekupokea anaweza kukukatiza.

## Kilichopotea

Sitawaficha kwamba kuna nilichokipoteza. *Dau dogo halina pumzi ya kulipanda.* Nilihangaika na sentensi hiyo jioni nzima. *Mawimbi mafupi na makali* haiisemi. Ami alikuwa anasema kwamba dau linahitaji nafasi kati ya wimbi na wimbi ili kujikusanya, na wimbi la mlangoni halilipi nafasi hiyo. Ni maelezo kamili ya kwa nini dau dogo hushindwa pale ambapo jahazi hupita, na yamo ndani ya neno *pumzi*.

Uamuzi wangu ni kwamba maneno hayo yaingie katika insha kama yalivyo, ndani ya alama za kunukuu, kwa jina la mvuvi aliyehojiwa. Uandishi wa kitaaluma unaruhusu hilo. Kijana angeweza kulifanya tangu mwanzo, kama ningemwambia kwamba maneno ya wazee wake ni data.

Alama zake nimezibadilisha, na nimemwomba radhi. Insha zenu nyote za wiki ya tatu nimezirudia pia. Kila mahali nilipoandika *lugha ya mazungumzo* sasa mtakuta swali mahususi: wapi, nani, nini, umejuaje.

Jana usiku nilimsomea ami ile aya. Nilimsomea polepole, mara mbili, naye akasikiliza macho ameyafumba. Nilipomaliza alinyamaza kidogo.

"Ndivyo," akasema. "Lakini mwanangu, mlango upi?"

Nilitaka kunyoosha mkono kuelekea baharini. Kisha nikachukua kalamu, nikaongeza maneno sita baada ya *mlango wa bahari*: ulio kati ya Shela na Manda.